Karatasi tatu, waajiri watatu: kisa cha kazi ya Dubai iliyokataliwa

Kazi yenyewe ilikuwa ya usafi wa vyumba hotelini, Dubai, mkataba wa miaka miwili, mshahara dirhamu 1,800 kwa mwezi, malazi na chakula juu ya mwajiri. Aliyepewa ofa hiyo si mgeni wa kazi za nje. Alikuwa ameshamaliza mkataba katika nchi nyingine ya Ghuba, akarudi salama, na sasa alitaka kuondoka tena. Wakala alimpa siku chache za kujibu. Kabla hajajibu alinitumia karatasi zote nimsomee, kwa kuwa kusoma mikataba ya namna hii ni jambo ninalolifanya mara kwa mara. Mwishoni aliikataa kazi. Nataka kueleza aliona nini kwenye zile karatasi, maana ukimsikiliza wakala tu, kila kitu kilikuwa sawa.

Karatasi zilikuwa tatu: barua ya ofa, mkataba, na viza. Watu wengi huzisoma moja moja, kila moja siku inapofika, na ndiyo sababu hawaoni tatizo. Yeye alizitandaza mezani zote kwa pamoja na kutafuta jambo moja tu: jina la mwajiri.

Kwenye ofa kulikuwa na jina la hoteli, nembo yake na picha ya jengo. Mkataba haukuitaja hoteli hiyo popote. Mwajiri aliyeandikwa humo alikuwa kampuni ya huduma za usafi, na kifungu cha kazi kilisema atafanya "usafi au kazi nyingine yoyote atakayopangiwa, mahali popote atakapopelekwa". Viza nayo ilikuwa na jina la tatu, la kampuni ya usafiri na utalii, kwa sababu ilikuwa viza ya utalii ya siku 60.

Jina la pili peke yake lisingetosha kumtisha mtu. Hoteli nyingi hazimwajiri kila anayefagia. Hukodi kampuni, na kampuni ndiyo yenye wafanyakazi. Aliiandikia hoteli barua pepe kupitia anwani iliyoko kwenye tovuti yao, wala si ile aliyopewa na wakala, akajibiwa kwamba hawana wakala yeyote wanayemtumia kutafuta watu nje, ila sehemu ya usafi hufanywa na makampuni ya nje. Kwa hiyo inawezekana kabisa kampuni ya mkataba ipo na ina kazi kwenye hoteli hiyo. Lakini ofa yenye nembo ya hoteli haikutoka hotelini. Kama siku moja angedhulumiwa, asingekuwa na la kuidai hoteli, na kampuni inayomwajiri ingeweza kumpeleka kusafisha maghala au nyumba za watu bila kuvunja hata neno moja la mkataba wake.

Jina la tatu ndilo zito.

Utaratibu wa Falme za Kiarabu kwa mfanyakazi anayetoka nje si siri. Mwajiri anaanza kwa wizara ya kazi, inayojulikana kwa kifupi kama MOHRE. Ofa ya kazi hutolewa kwa fomu ya wizara hiyo, ikiwa na namba ya muamala, na mfanyakazi huisaini akiwa bado kwao. Baada ya hapo wizara huidhinisha kibali cha kazi, kisha hutoka kibali cha kuingia nchini kwa ajili ya kazi, chenye jina la mwajiri kama mdhamini. Ukishaingia, mwajiri ana siku 60 za kukamilisha vipimo vya afya, kitambulisho cha mkaazi na kibali cha ukaazi. Hatua zote hizo zina gharama, na sheria ya kazi ya nchi hiyo, ile ya mwaka 2021, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa, iwe moja kwa moja au kwa kuzungukazunguka.

Viza ya utalii haigusi hata hatua moja kati ya hizo. Mdhamini wake ni kampuni ya utalii, na haimruhusu aliyenayo kufanya kazi.

Wakala alikuwa na jibu tayari, na nalitaja kwa sababu lina ukweli ndani yake. Alisema: "Dada yangu, viza za kazi siku hizi zinachelewa. Ingia na hii, ukiwa ndani kampuni inabadilisha, mbona kila mtu anafanya hivyo." Ni kweli kwamba mtu aliyeingia kwa matembezi anaweza kuombewa kibali cha kazi na kubadilishiwa hadhi akiwa ndani ya nchi. Sheria inaruhusu. Wapo waliopita njia hiyo na leo wana vitambulisho vyao na mishahara inaingia benki. Anayesema kila viza ya matembezi ni utapeli anakosea, na wakala mjanja atamshinda kwa hoja hiyo moja.

Linalobadilika ni nani anabeba hasara mambo yakienda kombo. Ukiingia na kibali cha kazi, mwajiri ameshafungwa na ofa aliyoisaini wizarani, na jina lake limo kwenye kibali chako. Ukiingia kama mtalii, siku zinaanza kuhesabiwa tangu ulipogongwa muhuri, na hakuna aliyefungwa na lolote. Kampuni ikikuona siku chache na kukuambia hufai, huna pa kulalamika, kwa kuwa kisheria hujawahi kuwa mfanyakazi wao. Ikikutumikisha kwa kisingizio cha kukujaribu huku "viza inashughulikiwa", unafanya kazi bila kibali. Siku 60 zikipita, faini ya kuzidisha muda ni dirhamu 50 kwa kila siku, na inaandikwa kwa jina lako. Mishahara ya wafanyakazi waliosajiliwa nchini humo hupitia mfumo wa ulinzi wa mishahara ulioanza mwaka 2009, ambao serikali inauona; asiye na kibali hayumo, kwa hiyo asipolipwa hakuna mahali panapoonyesha kwamba hajalipwa.

Kuna upande mwingine ambao wakala hakuusema. Alimwelekeza kwamba akiulizwa uwanja wa ndege aseme anakwenda kutembea, na atakatiwa tiketi ya kurudi ya kuonyesha tu. Maana yake, kwa serikali ya kwao mwenyewe naye hatakuwa mfanyakazi aliyeondoka, atakuwa mtalii. Mkataba wake hautakuwa umesajiliwa popote, na wakala, hata kama ana leseni, hatakuwa na jina lake kwenye orodha ya watu anaowajibika nao. Ubalozi utaanza kumjua siku atakapofika mlangoni analia. Binafsi naona agizo la kudanganya uwanja wa ndege lingetosha peke yake kufunga mjadala. Wakala anayekuandaa kusema uongo ameshajua kwamba ukweli wa safari hiyo haupiti.

Pamoja na hayo, dada huyu hakukataa hapo. Alimwomba wakala jambo moja: kampuni imtumie ofa ya wizara yenye namba ya muamala, aihakiki kwenye tovuti ya wizara, ndipo asafiri. Hakusema "sikuamini" wala hakutaja utapeli. Ombi hilo lilikuwa la haki kabisa, kwa kuwa mwajiri halali anaweza kuianzisha ofa hiyo akiwa ofisini kwake Dubai huku mfanyakazi yuko nyumbani, na hata kama baadaye ataamua kumwingiza kwa viza ya matembezi ili kuokoa muda, ofa itakuwepo. Wakala kwanza alisema itatoka baada ya kufika. Kisha akasema hiyo ni siri ya kampuni. Mwisho akamwambia wapo wengine kumi wanaoitaka nafasi. Majibu matatu kwa swali moja, na hakuna hata moja lililokuwa na namba.

Wakati akisubiri, tulikaa na mkataba. Na hapa ndipo nataka kwenda polepole, kwa sababu viza ikishaonekana mbaya watu huacha kusoma, na mkataba huu una mambo ambayo ungeyakuta hata kwenye safari yenye viza safi.

Ofa ilisema 1,800. Mkataba uliuvunja mshahara huo vipande vipande: mshahara wa msingi 700, posho ya chakula na usafiri 500, na 600 zilizobaki ziliitwa "makadirio ya saa za ziada". Kwa hiyo ulioahidiwa kwa hakika ni 1,200. Zile 600 zingetegemea kazi atakayofanya juu ya saa zake nane.

Tukazipigia hesabu. Saa za ziada hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, na sheria ya huko inataka zilipwe kwa nyongeza ya asilimia 25 isiyopungua. Ukigawa 700 kwa siku 30 na kila siku kwa saa nane, saa moja ni karibu dirhamu 2.92. Ongeza robo, unapata 3.65. Ili zifike 600 kwa mwezi, inabidi afanye saa za ziada zaidi ya 160. Kwa siku 26 za kazi, hizo ni saa sita na ushee kila siku juu ya zile nane, yaani zaidi ya saa 14 kwa siku, mwezi mzima, miaka miwili. Hata ukizihesabu zote kuwa za usiku, ambazo nyongeza yake ni nusu badala ya robo, bado zinapita 130. Na sheria hiyohiyo inasema saa za ziada zisizidi mbili kwa siku. Akifanya kazi mpaka mwisho wa kinachoruhusiwa, angepata saa 52, sawa na dirhamu 190 hivi. Mshahara wake, ukifuata sheria, haufiki 1,400, na hata saa hizo zote zikiwa za usiku haufiki 1,450.

Kwa maneno mengine, ofa haikuzidishwa kidogo kama matangazo yanavyozidishwa. Namba 1,800 haiwezi kufikiwa bila mwajiri kuvunja sheria na mfanyakazi kuvunjika mgongo. Aliyeipanga alijua atalipa 1,200, na akalijaza pengo kwa saa ambazo hakuna binadamu wa kuzifanya.

Msingi kuwa 700 una madhara mengine yanayokuja kuonekana mwisho wa safari. Kiinua mgongo hukokotolewa kwa mshahara wa msingi tu: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, ukishatimiza mwaka mmoja. Kwa 700, ni dirhamu 490 kwa mwaka. Kama 1,200 yote ingeandikwa kuwa msingi, ingekuwa 840. Kwa mkataba wa miaka miwili ameshapoteza 700 kabla hajapanda ndege. Dada huyu alilitambua hilo haraka kuliko mimi, maana kiinua mgongo cha kazi yake ya kwanza kilimjia kidogo kwa sababu hiyohiyo na aliuliza akaelezwa.

Kisha makato. Alitakiwa alipe wakala kiasi kinacholingana na dirhamu 2,000 kabla ya kuondoka, na kampuni ikate 400 kila mwezi kwa miezi minane "kufidia gharama za viza na tiketi". Jumla 5,200. Weka hizo 400 kwenye 1,200 na unabaki na 800 mkononi kwa miezi minane ya kwanza, wakati huohuo akirudisha mkopo alioukopa kumlipa wakala. Ada za wakala nchi nyingine huziruhusu kwa kiwango fulani na nyingine huzikataza, ingawa Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unataka mfanyakazi asitozwe, isipokuwa kwa vighairi maalumu. Lakini zile 400 za kila mwezi hazina utata: ni gharama za kuajiriwa zinazotozwa na mwajiri, na sheria ya mahali anapokwenda inazikataza waziwazi. Wameziandika kwenye mkataba bila haya, jambo linaloniambia kwamba mkataba ule haukuandikwa uonwe na wizara.

Vifungu viwili vya mwisho vilifunga hesabu. Kimoja kilisema pasipoti "itatunzwa na kampuni kwa usalama wa mfanyakazi". Kingine kilisema akiacha kazi kabla ya miaka miwili atalipa dirhamu 6,000. Sheria ya huko inamkataza mwajiri kushikilia nyaraka za mfanyakazi. Na kuhusu kuacha kazi, ndani ya muda wa majaribio, ambao hauzidi miezi sita, mfanyakazi anayetaka kurudi kwao anatakiwa kutoa taarifa ya siku 14. Baada ya majaribio, taarifa ni ya siku 30 hadi 90. Asipotoa taarifa, fidia huhesabiwa kwa mshahara wa siku hizo za taarifa. Hakuna 6,000.

Sasa vitazame kwa pamoja kama alivyovitazama yeye. Mwezi wa kwanza unaisha, umegundua kazi si ya hoteli, una 800 mkononi. Ili kuondoka unadaiwa 6,000, yaani zaidi ya miezi saba ya kile unachobakiwa nacho bila kula. Pasipoti iko kwa bosi. Viza ni ya utalii na siku zinakwisha, kwa hiyo ukienda kushtaki, kosa la kwanza linaloonekana ni lako. Shirika la Kazi Duniani lina orodha ya viashiria 11 vya kazi ya kulazimishwa. Udanganyifu, kushikiliwa nyaraka na kufungwa kwa deni vimo, na hapa vyote vitatu vilikuwa vimeandikwa mapema, kwa chapa, na nafasi ya kusaini chini. Kimoja kimoja kila kifungu kina maelezo yake mazuri. Vikikaa pamoja vinafanya kazi moja: kumzuia mtu asiondoke.

Alipoamua kukataa, tatizo likawa pasipoti. Alikuwa ameshaikabidhi kwa wakala "kwa ajili ya viza", pamoja na nusu ya zile 2,000. Hapa alikuwa na busara ambayo ningependa wengine waige. Hakutangaza kukataa kwanza. Alikwenda ofisini na mtu mwingine wa kumsindikiza, akaomba pasipoti yake kwa sababu ni yake na viza ilikuwa imeshatoka, kwa hiyo hakukuwa tena na haja ya wao kukaa nayo. Hakutunga uongo wowote. Walimzungusha kidogo, wakampa. Jioni hiyo akatuma ujumbe wa WhatsApp, mfupi, ili ubaki ushahidi:

"Kaka, nashukuru kwa nafasi. Nimesoma ofa, mkataba na viza, na mwajiri aliyetajwa ni tofauti katika kila karatasi. Viza ni ya utalii na sijapata ofa ya wizara niliyoiomba. Kwa sababu hiyo sitasafiri. Naomba nirudishiwe fedha nilizolipa, risiti ninayo."

Hakuna tusi wala kitisho ndani yake, na kila sentensi inaweza kuthibitishwa kwa karatasi. Ujumbe wa hasira ungempa wakala la kujibu. Huu haukumpa.

Majibu yalikuja kwa mafungu. Kwanza upole: atamtafutia hoteli nyingine. Kisha lawama, kwamba amemharibia jina kwa kampuni. Halafu vitisho viwili ambavyo huwatetemesha wengi. Cha kwanza ni kwamba viza imeshatoka kwa jina lake, asipoitumia atapigwa faini. Si kweli, faini ya kuzidisha muda huhesabiwa kwa aliyeingia nchini, na kibali ambacho hakikutumiwa huisha muda wake kikafa. Cha pili ni kwamba atawekwa kwenye orodha nyeusi asiingie Dubai maisha. Wakala hana mamlaka hayo, na kampuni ambayo haijamwombea kibali cha kazi haina hata faili la kumshtakia. Hakujibu chochote kati ya hivyo. Alipiga picha za jumbe zote akazihifadhi mahali pengine nje ya simu.

Fedha zilikuwa ngumu zaidi. Risiti ilisema "ada ya huduma", bila kueleza huduma ipi, na fomu aliyosaini siku ya kwanza ilikuwa na mstari unaosema ada hairudishwi mteja akighairi. Wakala aliushikilia mstari huo. Hoja yake dada huyu ilikuwa kwamba hakughairi: alilipia kazi ya hoteli yenye mshahara wa 1,800, akaletewa mkataba wa kampuni nyingine wenye 1,200 na viza isiyo ya kazi. Kilichouzwa hakikuletwa. Aliandika malalamiko kwa mamlaka inayotoa leseni za mawakala, akaambatanisha karatasi zote tatu, risiti, na ule ujumbe wa kuambiwa aseme anakwenda kutembea. Kiambatanisho hicho cha mwisho, nadhani, ndicho kilichomsumbua wakala, kwa kuwa leseni yake ni ya kupeleka wafanyakazi na haikumruhusu kuwasafirisha kama watalii.

Kabla shauri halijasikilizwa wakala alimpigia, akakubali kurudisha kile alichopokea, akikata gharama ya viza. Tulijadiliana kama akubali makato hayo. Mimi nilikuwa na msimamo kwamba asikubali, kwa sababu viza ile hakuiomba. Yeye aliona kusubiri kungemgharimu zaidi ya tofauti yenyewe, na mkopo aliochukua ulikuwa unaendelea kuzaa riba. Akachukua fedha, akasaini kwamba amepokea kiasi kile tu bila kuandika kwamba hana dai, na malalamiko yake kuhusu viza akayaacha yaendelee.